Tarehe hii ni ya wiki ya ngapi? Mwongozo kamili wa wiki za ISO na mtego wa Desemba 2026

Tarehe 1 Januari 2027 itakuwa Ijumaa. Kituo cha afya cha Uganda kitakachomhudumia mgonjwa wa malaria siku hiyo kitamhesabu katika ripoti ya wiki ya 53 ya mwaka 2026, ingawa kalenda ukutani imeshaingia 2027. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Shida huanza pale mtu anapopakua data, akatengeneza safu moja ya mwaka na nyingine ya namba ya wiki, kisha akaziunganisha. Mgonjwa yule anajikuta kwenye "wiki ya 53 ya 2027", wiki ambayo haipo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kuwafikiria wanaoshughulikia ripoti za kila wiki za magonjwa, yaani fomu ya HMIS 033b na data yake ndani ya mfumo wa DHIS2. Hesabu zenyewe ni zilezile kwa mauzo, mishahara au mahudhurio ya shule.

## Kanuni yenyewe

Wiki ya ISO, yaani wiki inayohesabiwa kwa kiwango cha kimataifa, huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Haikatwi katikati hata mwaka unapobadilika: siku zake saba hukaa pamoja na hupewa mwaka mmoja. Mwaka huo ni ule wenye Alhamisi ya wiki hiyo. Alhamisi ndiyo siku ya katikati, kwa hiyo mwaka wenye Alhamisi ndio wenye siku nne au zaidi kati ya zile saba.

Kutokana na hapo, wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Ukipenda kukumbuka kwa njia nyepesi, tarehe 4 Januari huwa ndani ya wiki ya 1 kila mwaka, na tarehe 28 Desemba huwa ndani ya wiki ya mwisho kila mwaka. Tarehe 1 Januari haina uhakika huo. Inaweza kuwa wiki ya 1, au ya 52 au 53 ya mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo kila tarehe ina miaka miwili: mwaka wa kalenda, na mwaka wa wiki. Karibu siku zote miaka hiyo inafanana. Inatofautiana kwa siku zisizozidi tatu pale mwaka unapogeuka, na siku hizo chache ndizo zinazovuruga ripoti nzima.

Mwaka wa wiki huwa na wiki 52, na baadhi ya miaka huwa na 53. Mwaka wenye wiki 53 ni ule unaoanza Alhamisi, au mwaka mrefu wa siku 366 unaoanza Jumatano. Mwaka 2020 ulikuwa hivyo, 2026 ni hivyo, na baada yake inafuata 2032 na 2037.

## Kuhesabu kwa mkono

Inafaa kujua kuhesabu bila kompyuta, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuamua nani yuko sahihi pale mafaili mawili yanapotoa namba tofauti.

Chukua tarehe yako na utafute Alhamisi ya wiki hiyohiyo, ukihesabu wiki kuanzia Jumatatu. Ikiwa tarehe ni Jumatatu, songa mbele siku tatu. Ikiwa ni Jumapili, rudi nyuma siku tatu. Mwaka wa hiyo Alhamisi ndio mwaka wa wiki. Kisha hesabu Alhamisi hiyo ni siku ya ngapi tangu mwaka wake uanze, toa 1, gawanya kwa 7 na uache baki, halafu ongeza 1.

Tujaribu na sikukuu ya Uhuru, 9 Oktoba 2026, ambayo ni Ijumaa. Alhamisi ya wiki hiyo ni 8 Oktoba. Miezi tisa ya kwanza ina siku 273, ukiongeza 8 unapata 281. Toa 1, baki 280. Gawanya kwa 7, unapata 40. Ongeza 1: wiki ya 41 ya 2026.

Sasa ile tarehe yenye utata, 1 Januari 2027. Ni Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi yake ni jana yake, 31 Desemba 2026. Mwaka wa wiki tayari umejulikana kuwa 2026. Siku hiyo ni ya 365. Toa 1, unapata 364, ambayo ukigawanya kwa 7 ni 52 kamili. Ongeza 1: wiki ya 53. Tarehe hiyo huandikwa `2026-W53`, na wiki hiyo inaanza Jumatatu 28 Desemba 2026 hadi Jumapili 3 Januari 2027. Wiki ya 1 ya 2027 inaanza Jumatatu 4 Januari.

## Kuhesabu ndani ya Excel

Weka tarehe kwenye seli A2. Kabla ya kitu kingine, hakikisha Excel inaitambua kama tarehe, si maandishi. Andika `=ISNUMBER(A2)` pembeni. Ikijibu `FALSE`, hayo ni maandishi na yanapaswa kurekebishwa kwanza. Angalia pia mpangilio wa siku na mwezi. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani huisoma 04/01/2027 kuwa tarehe 1 Aprili, na hapo wiki ya 1 inageuka kuwa wiki ya 13 bila onyo lolote. Jibadilishie muonekano wa seli uonyeshe jina la mwezi, kosa hilo litaonekana mara moja.

Baada ya hapo fomula ni hii:

```
=YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4)&"-W"&TEXT(ISOWEEKNUM(A2),"00")
```

Sehemu ya kwanza inafanya kilekile tulichofanya kwa mkono. `WEEKDAY(A2,2)` inaipa Jumatatu namba 1 na Jumapili namba 7. Ukiitoa namba hiyo kwenye tarehe na kuongeza 4, unatua kwenye Alhamisi, na `YEAR` inasoma mwaka wa Alhamisi hiyo. Sehemu ya pili inaleta namba ya wiki ikiwa na tarakimu mbili. Hizo tarakimu mbili zina kazi: bila sifuri ya mbele, kompyuta ikipanga maandishi huiweka wiki ya 10 kabla ya wiki ya 2.

Excel iliyotoka kabla ya 2013 haina `ISOWEEKNUM`. Katika Excel 2010 tumia `WEEKNUM(A2,21)`, inatoa jibu lilelile. Usiitumie `WEEKNUM(A2)` bila ile 21. Ikiachwa hivyo, inaanza wiki Jumapili na kuiita wiki ya 1 ile yenye tarehe 1 Januari, hata kama ina siku moja tu.

Kosa hili linahitaji kuangaliwa kwa makini kwa sababu limejificha kwa muda mrefu. Kuanzia 2023 hadi 2026, jinsi siku zilivyoangukia, `WEEKNUM(A2)` imekuwa ikitoa namba sawa na ya ISO kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi karibu mwaka mzima. Ilitofautiana Jumapili tu, na katika siku za kugeuka mwaka. Mtu aliyetengeneza faili lake 2023, akalijaribu kwa tarehe kadhaa za katikati ya wiki, aliona kila kitu kiko sawa. Mwaka 2027 unaanza Ijumaa, na hapo mambo yanabadilika: Jumatatu 4 Januari 2027 ni wiki ya 1 kwa ISO, lakini `WEEKNUM(A2)` itaiita wiki ya 2. Tofauti hiyo itaendelea mwaka wote, kila siku, na Jumapili itakuwa imepishana kwa wiki mbili. Anayetumia faili la zamani alifungue sasa na atafute fomula hiyo kabla Januari haijafika.

## Wiki yenye siku nane

Hata aliyetumia `ISOWEEKNUM` vizuri anaweza kuharibu kazi kwa kuandika hivi:

```
=YEAR(A2)&"-W"&TEXT(ISOWEEKNUM(A2),"00")
```

Wiki imetoka kwenye ISO, mwaka umetoka kwenye kalenda. Hilo ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote, na linaumiza kwa namna mbili tofauti.

Namna ya kwanza ni wiki kukatika. Tuseme kituo cha daraja la tatu kiliandika wagonjwa wa malaria hivi, kwa takwimu za mfano: Jumatatu 28 Desemba 2026 wagonjwa 14, Jumanne 11, Jumatano 9, Alhamisi 6, Ijumaa 1 Januari 2027 wagonjwa 3, Jumamosi 8, Jumapili 5. Jumla ya wiki ni 56. Fomula mbaya inazitenga siku nne za kwanza kama `2026-W53` zikiwa na wagonjwa 40, na siku tatu za mwisho kama `2027-W53` zikiwa na 16. Kwenye grafu, mwaka 2026 unaisha kwa kushuka ghafla, na msimamizi wa wilaya anaweza kudhani malaria imepungua au kituo kilifungwa kwa Krismasi. Wale 16 nao wanasubiri mwisho wa grafu ya 2027, kwenye wiki isiyokuwepo. Afadhali kosa hili linaonekana, kwa kuwa 2027 ina wiki 52 tu.

Namna ya pili haionekani, na kwetu ndiyo mbaya zaidi. Jumatatu 29 Desemba 2025 ni mwanzo wa wiki ya 1 ya 2026. Fomula mbaya inachukua mwaka 2025 na wiki ya 1, inaandika `2025-W01`, na kuzitupa siku tatu za mwisho wa Desemba 2025 kwenye kapu moja na siku za mwanzoni mwa Januari 2025. Wagonjwa waliopishana karibu mwaka mzima wanajumlishwa pamoja. Hakuna wiki ya ajabu inayojitokeza mwishoni mwa jedwali, hakuna seli yenye alama ya kosa. Kinachobaki ni mlima mdogo kwenye wiki ya kwanza ya mwaka, na mlima huo unaweza kusomwa kama mlipuko wa ugonjwa.

Kuna njia rahisi ya kuugundua. Hesabu tarehe tofauti zilizomo kwenye kila wiki. Kila wiki iliyokamilika lazima iwe na siku saba. Kwa ile fomula mbaya, data ya miaka 2024 hadi 2026 ikitazamwa inatoa picha hii: `2024-W01` ina siku tisa, yaani 1 hadi 7 Januari 2024 pamoja na 30 na 31 Desemba 2024. `2025-W01` ina siku nane, yaani 1 hadi 5 Januari 2025 pamoja na 29 hadi 31 Desemba 2025. `2026-W01` ina siku nne tu. Ukikutana na tisa, nane au nne, usiendelee kutafuta sababu kwenye rejista ya wagonjwa wa nje. Sababu iko kwenye safu ya mwaka.

Kipimo hiki kinahitaji orodha ya tarehe zote, hata zile ambazo hakuja mgonjwa. Tengeneza laha yenye tarehe mfululizo kuanzia Desemba inayotangulia mwaka wa kwanza wa data hadi Januari inayofuata mwaka wa mwisho, weka fomula yako pembeni ya kila tarehe, kisha tumia `COUNTIF` kuhesabu kila jina la wiki limejirudia mara ngapi. Laha hiyo itunze. Ndiyo utakayotumia kuunganisha tarehe na wiki katika kazi nyingine zote, badala ya kila mtu kuandika fomula yake.

## Kulinganisha mwaka na mwaka

Jina la wiki likishakuwa sahihi, bado kuna jambo la kuamua. Wiki ya 53 ya 2026 haina mwenzake 2025 wala 2027. Ukijumlisha wiki zote za 2026 unapata siku 371. Ukijumlisha za 2027 unapata 364. Kituo kinachoona idadi ileile ya wagonjwa kila siku kitaonekana kimepungukiwa kwa karibu asilimia 2 mwaka 2027, bila chochote kubadilika. Kwa jumla ya mwaka, tumia tarehe za kalenda. Wiki ziachie kazi yake ya kufuatilia mwenendo.

Kwenye grafu ya mistari miwili, mmoja wa 2026 na mwingine wa 2027, tunashauri wiki ya 53 ionyeshwe kwenye mstari wa 2026 na mstari wa 2027 uishie 52. Usiigawe wiki ya 53 nusu kwa 52 na nusu kwa 1, na usiifute. Wapo wanaoiacha nje ili jedwali lipendeze, lakini hao ni wagonjwa wa siku saba nzima.

Jambo lingine ni kwamba baada ya mwaka wa wiki 53, namba zote zinasogea kwenye kalenda. Wiki ya 10 ya 2026 ni 2 hadi 8 Machi, ya 2027 ni 8 hadi 14 Machi. Unapotazama ugonjwa unaofuata mvua, siku sita zina maana. Ukiona kilele cha 2027 kimetokea wiki moja mapema kuliko cha 2026, linganisha kwanza tarehe za Jumatatu za wiki hizo kabla ya kusema msimu umewahi.

## Wiki, mwezi na mwaka wa fedha

Ripoti za wiki hazitajumlika kuwa ripoti ya mwezi, na hazitakiwi. Januari 2027 inafaa kama mfano kwa sababu wiki ya 1 hadi ya 4 zinajaza tarehe 4 hadi 31 bila kubaki. Kinachokosekana ni tarehe 1 hadi 3, ambazo ziko kwenye wiki ya 53 ya 2026. Katika kituo chetu cha mfano, ripoti ya mwezi ya HMIS 105 itazidi jumla ya wiki nne kwa wagonjwa 16 hasa. Mkaguzi akiuliza tofauti hiyo inatoka wapi, mwonyeshe siku hizo tatu. Kamwe usirekebishe upande mmoja ili ufanane na mwingine.

Mwaka wa fedha wa serikali ya Uganda unaanza 1 Julai, na mwaka 2026 siku hiyo ni Jumatano. Iko katikati ya wiki ya 27, inayoanza Jumatatu 29 Juni hadi Jumapili 5 Julai. Ukitaka hesabu ya mwaka wa fedha, rudi kwenye data ya kila siku. Ikiwa huna ila jumla za wiki, fuata kanuni ya Alhamisi: Alhamisi hiyo ni 2 Julai, basi wiki nzima iingie 2026/27. Andika uamuzi huo chini ya jedwali, na mwakani ufuate huohuo.

## Nje ya Excel

DHIS2 huandika vipindi vya kila wiki bila kistari na bila sifuri ya mbele: `2027W1`, si `2027-W01`. Ukiunganisha data uliyopakua na laha yako ya tarehe, wiki 1 hadi 9 hazitakutana na wenzake, na mara nyingi hugundui kwa kuwa wiki ya 10 na kuendelea zinakutana zikiondolewa kistari tu. Tengeneza safu ya pili yenye mtindo wa DHIS2:

```
=YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4)&"W"&ISOWEEKNUM(A2)
```

Katika PostgreSQL na Python, hatari ni ileile ya kuchanganya mwaka wa kalenda na wiki ya ISO. Herufi sahihi ni hizi:

```
to_char(tarehe, 'IYYY-"W"IW')    -- PostgreSQL
tarehe.strftime("%G-W%V")        # Python
```

Ukikuta `YYYY` imekaa pamoja na `IW`, au `%Y` pamoja na `%V`, umelipata kosa. Kwa watumiaji wa R wenye kifurushi cha lubridate, `isoweek` na `isoyear` ndizo za ISO. `epiweek` inavutia kwa jina lake mbele ya mtu wa ufuatiliaji wa magonjwa, lakini hiyo ni hesabu ya Marekani, ambako wiki huanza Jumapili. Kwa mwaka 2026 wiki yake ya 1 inaanza 4 Januari, siku ambayo kwa ISO ndiyo inamaliza wiki ya 1.

Saa nayo huharibu. Uganda iko saa tatu mbele ya UTC. Seva inayohifadhi muda kwa UTC itamwandika mgonjwa aliyepokelewa Jumatatu saa nane usiku kuwa wa Jumapili saa tano usiku, na hivyo wa wiki iliyopita. Kwa kliniki ya mchana haisumbui. Kwa wodi ya wazazi au ya dharura inasumbua kila wiki, kwa hiyo badilisha muda uwe wa Kampala kwanza, ndipo utoe tarehe, ndipo utafute wiki.

Mwisho, kwenye kila jedwali linalotoka mikononi mwako weka safu ya Jumatatu ya wiki husika pembeni ya namba ya wiki. Ikiwa mwaka wa wiki uko B2 na namba ya wiki C2, Jumatatu inapatikana hivi:

```
=DATE(B2,1,4)-WEEKDAY(DATE(B2,1,4),2)+1+7*(C2-1)
```

Jaribu na 2026 na 53. Inapaswa kukupa 28 Desemba 2026. Jaribu tena na 2027 na 53. Itakupa 3 Januari 2028, ambayo ni Jumatatu ya wiki ya 1 ya 2028. Fomula haikatai wiki isiyokuwepo, kwa hiyo weka kizuizi: linganisha C2 na `ISOWEEKNUM(DATE(B2,12,28))`, na namba ya wiki ikizidi hapo, rudisha ripoti kwa aliyeituma ithibitishwe.